Hasara ya Jana na Kodi ya Leo: Namna ya Kupeleka Hasara Mbele



Katika mkutano mmoja papa mmoja wa komite alisimama na kutuuliza swali ambalo tunalisikia mara nyingi: «Sosiete yetu ya mashine ya kusaga ilipoteza milioni 30 mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili tukapata faida ya milioni 20. Tukihesabu yote pamoja, bado tuko nyuma kwa milioni 10. Sasa kodi inatoka wapi? Juu ya nini tulipe kodi ya faida wakati hatujarudisha hata makuta tuliyopoteza?»

Swali ni zuri, na papa alikuwa na haki kwa nusu. Sheria ya kodi inakubali kwamba hasara ya mwaka uliopita ipunguze faida ya mwaka unaofuata. Lakini haikubali hasara hiyo imeze faida yote mara moja. Komite ambayo haijui jambo hili inaweza kugawa makuta yote kwa wanachama mwezi wa tatu, halafu mwezi wa nne kodi inaitishwa na kasha liko wazi. Njo maana somo la leo linafuata hesabu moja tu, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa miaka minne.

Hesabu tutakayofanya ni mfano wa kujifunza. Tuseme koperative ya walimaji wa mahindi hapa Kakanda ilianzisha sosiete ya SARL, ikanunua mashine ya kusaga, na ikaanza kuuza bunga katika masoko ya Kakanda na Likasi. Tunatumia kanuni za kodi ya faida ya Kongo zilizotumika kwa miaka ya 2020 hadi 2023.

Kwanza: somo hili ni la nani?

Tangu sheria ya mwaka 2013, biashara ndogo ambayo mauzo yake ya mwaka hayafiki franka milioni 80 ina njia yake ya kulipa. Kama mauzo yamefika milioni 10 lakini hayajafika milioni 80, kodi inahesabiwa juu ya mauzo yenyewe: 1% kwa wanaouza vitu, 2% kwa wanaofanya kazi ya huduma, mfano kusagia watu mahindi yao kwa malipo. Katika njia hiyo hakuna anayeuliza kama ulipata faida ao ulipoteza. Kwa hiyo hasara haina mahali pa kuingia katika hesabu. Umeuza milioni 50 za bunga, unalipa laki 5, hata kama mashine ilikufa na mwaka ukaisha vibaya.

Lakini sosiete ikivuka milioni 80 za mauzo, inaingia katika kodi ya faida ya kawaida. Pale kodi ni 30% ya faida, na pale njo hasara ya zamani inapata nguvu. Sosiete yetu ya mfano iko huku: mwaka wa kwanza iliuza bunga la milioni 120.

Tuongeze neno moja. Hasara ni ya yule aliyeipata. Kama sosiete ya mashine njo ilipoteza, ni sosiete hiyo tu inaweza kuitumia hasara kwa faida yake ya kesho. Koperative mama haiwezi kuichukua, na mwanachama hawezi kuipeleka katika biashara yake ya nyumbani.

Pili: hasara gani inahesabiwa?

Mwaka 2020 ulikuwa mgumu. Mashine ilikuwa mpya, wasagaji walikuwa wanajifunza, na mazutu yalikula makuta mengi. Vitabu vilionyesha hivi:

Mauzo: 120 000 000
Matumizi yote: 156 000 000
Hasara ya vitabu: 36 000 000

Wengi wanasimama hapa na kuandika: «Tuko na hasara ya milioni 36 ya kupeleka mbele.» Hapana. Hiyo ni hasara ya vitabu. Kinachopelekwa mbele ni hasara ya kodi, na ili kuipata ni lazima tupite matumizi moja kwa moja na kuuliza: je, sheria ya kodi inalikubali tumizi hili?

Katika matumizi ya 2020 tunakuta mambo mawili yasiyokubaliwa. La kwanza ni amande ya 1 500 000 ambayo lori lilipigwa njiani. Sosiete ililipa kweli, na katika vitabu ni lazima ionekane. Lakini amande ni azabu ya kosa, na sheria ya kodi haikubali azabu ipunguze kodi. La pili ni mahindi ya 4 500 000 yaliyonunuliwa vijijini bila karatasi yoyote. Hakuna fakitire, hakuna risiti, hakuna hata daftari lenye jina na saini ya aliyeuza. Mahindi yalikuwapo, yalisagwa, yakauzwa. Lakini mkaguzi wa kodi anakubali tu tumizi linaloonyeshwa kwa karatasi.

Mambo hayo mawili ni 6 000 000. Tunayatoa katika matumizi, na hasara inapungua:

Hasara ya vitabu: 36 000 000
Tunatoa matumizi yasiyokubaliwa: 6 000 000
Hasara ya kodi: 30 000 000

Hii milioni 30 njo tutaandika katika tangazo la kodi la mwaka 2020, na njo itasafiri kwenda miaka inayofuata. Angalieni bei ya ile karatasi iliyokosekana. Hasara ya milioni 4 na nusu imetoka mikononi mwetu, na kwa kodi ya 30% ni 1 350 000 ambazo tungeweza kuziokoa siku za mbele. Daftari la kununulia mahindi lenye tarehe, jina, kijija, kilo, bei na saini ao alama ya kidole linagharimu kidogo sana kuliko hapo.

Tatu: mwaka wa hasara nao una kodi

Hapa njo wanachama wengi wanashangaa. Mwaka 2020 sosiete imepoteza. Je, italipa kodi? Ndiyo. Sheria imeweka kodi ya chini kabisa: 1% ya mauzo yote ya mwaka. Kama sosiete imepoteza, ao kama 30% ya faida yake ni ndogo kuliko 1% ya mauzo, italipa ile 1%.

Mauzo ya 2020 ni 120 000 000. Moja kwa mia yake ni 1 200 000. Sosiete italipa hiyo, na wakati huohuo hasara yake ya milioni 30 inabaki nzima kwa siku za mbele. Kulipa kodi ya chini hakuli hasara.

Mama mweka-hazina mmoja aliwahi kutuambia: «Kama tumepoteza, kwa nini tujisumbue kupeleka tangazo?» Jibu liko mbele yetu. Tangazo la mwaka wa hasara njo cheti cha kuzaliwa cha hasara hiyo. Hasara ambayo haikutangazwa katika mwaka wake ni vigumu sana kuileta mezani miaka miwili baadaye na kusema: tulipoteza. Tangazo la kodi ya faida hupelekwa DGI hadi tarehe 30 ya mwezi wa nne wa mwaka unaofuata. Mwaka wa hasara tarehe hiyo ina uzito uleule kama mwaka wa faida.

Nne: mwaka wa faida na ule ukuta wa 60%

Mwaka 2021 kazi ikatengenea. Mauzo yakafika 160 000 000. Baada ya kutoa matumizi yanayokubaliwa, faida ya kodi ni 20 000 000. Mkononi tuko na hasara ya 2020, milioni 30.

Papa wa komite alifanya hivi: 20 kutoa 30, tuko chini ya sifuri, hakuna kodi ya faida. Lakini sheria imejenga ukuta. Hasara ya zamani inaweza kupunguza faida ya mwaka hadi 60% tu ya faida hiyo. Ile 40% inayobaki lazima ilipiwe kodi, hata kama mfuko wa hasara bado umejaa.

Tunahesabu:

Faida ya 2021: 20 000 000
Kiwango cha juu cha hasara tunayoweza kutumia, 60% ya faida: 12 000 000
Faida ya kulipia kodi: 8 000 000
Kodi, 30%: 2 400 000
Kodi ya chini, 1% ya mauzo: 1 600 000

Kodi ya kwanza ni kubwa kuliko ya chini, basi sosiete inalipa 2 400 000. Hasara iliyotumiwa ni milioni 12. Mfuko wa hasara unabaki na 30 kutoa 12, ni milioni 18.

Ile milioni 18 haikufa. Kwa kanuni hii hasara haina mwaka wa mwisho. Inaendelea kusafiri hadi itakapokwisha kutumiwa. Sheria inatuambia tu: «Itumieni polepole.»

Tukumbuke pia kosa linalofanana na ukweli. Kuna wanaosikia 60% na kuihesabu juu ya hasara: 60% ya milioni 30 ni milioni 18, halafu wanatoa 18 katika faida ya 20, wanabaki na milioni 2 za kulipia kodi. Si hivyo. 60% inahesabiwa juu ya faida ya mwaka tulio ndani yake, kabla ya kutoa hasara yoyote. Namna ya kujua kama mmekosea ni rahisi: tazameni faida iliyobaki ya kulipia kodi. Kama ni chini ya 40% ya faida ya mwaka, mmevuka ukuta.

Tano: mwaka ambao ukuta na kodi ya chini vinakutana

Mwaka 2022 mauzo yalipanda hadi 200 000 000, lakini motere ilivunjika katikati ya msimu, na matengenezo yalikula faida. Faida ya kodi ikawa 10 000 000 tu.

Faida ya 2022: 10 000 000
60% ya faida: 6 000 000
Faida ya kulipia kodi: 4 000 000
Kodi, 30%: 1 200 000
Kodi ya chini, 1% ya mauzo: 2 000 000

Mwaka huu kodi ya chini njo kubwa. Sosiete inalipa 2 000 000, si 1 200 000. Mfuko wa hasara unatoka milioni 18 na kubaki milioni 12.

Tusimame kidogo hapa. Bila hasara ya zamani, kodi ingekuwa 30% ya milioni 10, yaani 3 000 000. Kwa kutumia hasara ya milioni 6 tulitegemea kuokoa 1 800 000, lakini tumeokoa 1 000 000 tu, kwa sababu kodi ya chini ilituzuia. Ile laki 8 imekwenda na hairudi.

Hii hutokea kwa biashara kama zetu, ambazo mauzo ni makubwa na faida kwa kila kilo ni ndogo. Mtu anayeuza bunga nyingi kwa faida nyembamba anakutana na kodi ya chini mara kwa mara. Kwa hiyo katika kila mwaka hesabu mbili zifanywe pembeni kwa pembeni, 30% ya faida iliyobaki na 1% ya mauzo, na iliyo kubwa njo inalipwa.

Sita: mfuko unaisha

Mwaka 2023 ulikuwa mzuri. Mauzo 240 000 000, faida ya kodi 40 000 000. Mfuko wa hasara una milioni 12.

60% ya milioni 40 ni milioni 24. Ukuta unaturuhusu kutumia hadi milioni 24, lakini tuko na 12 tu. Basi tunatumia zote 12. Ukuta unaonyesha mwisho wa njia; hauongezi hasara ambayo hatuna.

Faida ya 2023: 40 000 000
Hasara iliyotumiwa: 12 000 000
Faida ya kulipia kodi: 28 000 000
Kodi, 30%: 8 400 000
Kodi ya chini, 1% ya mauzo: 2 400 000

Sosiete inalipa 8 400 000, na mfuko wa hasara uko sifuri. Kuanzia 2024 faida yote italipiwa kodi, mpaka siku nyingine ya hasara, ambayo hatuiombei.

Sasa tutazame safari nzima kwa mara moja:

2020: hasara mpya milioni 30, mfuko milioni 30, kodi 1 200 000
2021: hasara iliyotumiwa milioni 12, mfuko milioni 18, kodi 2 400 000
2022: hasara iliyotumiwa milioni 6, mfuko milioni 12, kodi 2 000 000
2023: hasara iliyotumiwa milioni 12, mfuko sifuri, kodi 8 400 000

Kwa miaka mine kodi yote ni 14 000 000. Hasara ya milioni 30 ilituokolea 3 600 000 mwaka 2021, 1 000 000 mwaka 2022, na 3 600 000 mwaka 2023. Jumla ni 8 200 000. Kama pasingekuwa na kodi ya chini tungeokoa milioni 9 kamili, yaani 30% ya milioni 30.

Turudi kwa papa wa komite

Papa alisema sosiete haijarudisha makuta iliyopoteza, na hivyo haipaswi kulipa. Katika hesabu ya maisha ni kweli: mwisho wa 2021 sosiete bado ilikuwa nyuma. Lakini kodi inaangalia kila mwaka peke yake, na inaruhusu mwaka wa jana usaidie mwaka wa leo kwa sehemu tu. Serikali haitaki kukaa miaka mingi bila kupokea kitu kutoka kwa sosiete inayouza kila siku.

Kwa komite, matokeo ni haya. Siku mnapofunga vitabu vya mwaka wenye faida, na kabla ya kusema neno juu ya kugawa makuta, wekeni pembeni kodi ya ile 40% inayobaki. Kuna njia ya haraka ya kuikadiri. Kama mfuko wenu wa hasara ni mkubwa kuliko 60% ya faida, kodi itakuwa 30% ya 40%, ambayo ni 12% ya faida. Kwa faida ya milioni 20, 12% ni 2 400 000, sawasawa na tuliyopata juu. Halafu linganisheni na 1% ya mauzo, na iliyo kubwa ifungiwe katika konti ya benki isiyoguswa hadi mwisho wa mwezi wa nne.

Kama komite ya mfano wetu ingegawa milioni 20 zote mwezi wa tatu 2022, ingelazimika kurudi kwa wanachama, nyumba kwa nyumba, kuomba 2 400 000. Mwanachama ambaye amekwisha kununua mbegu na kulipa shule ya watoto atazirudisha kutoka wapi? Hapo njo kukosa kuaminiana kunaanza, na watu wanasema komite imekula, kumbe komite haikujua tu kanuni moja ya hesabu.

Daftari la mfuko wa hasara

Tunawashauri mwe na ukurasa mmoja tu, wenye safu tano: mwaka, mfuko mwanzoni mwa mwaka, hasara mpya, hasara iliyotumiwa, mfuko mwishoni mwa mwaka. Mfuko wa mwisho wa mwaka mmoja lazima ulingane na mfuko wa mwanzo wa mwaka unaofuata, na pia ulingane na kile kilichoandikwa katika tangazo mlilopeleka DGI. Kama namba hizo haziko sawa, tafuteni kosa kabla mkaguzi hajalitafuta.

Pamoja na ukurasa huo, wekeni karatasi zote za mwaka wa hasara. Wengi wanatupa karatasi za zamani wakisema mwaka umepita. Lakini tazameni mfano wetu: hasara ya 2020 bado inapunguza kodi katika 2023. Mkaguzi anayekagua mwaka 2023 ana haki ya kuuliza: hizi milioni 12 zinatoka wapi? Jibu liko katika fakitire za mazutu na mahindi za 2020. Sheria ya uhasibu ya OHADA, ambayo nchi yetu inafuata, inataka vitabu na karatasi zake vihifadhiwe miaka 10. Kasha la chuma lililofungwa vizuri, mbali na mvua, panya na mchwa, linatosha.

Na neno la kuangalia: sheria za kodi zinabadilika. Mwisho wa mwaka 2023 sheria mpya ya kodi ya masosiete ilitangazwa. Makampuni ya madini yanayotuzunguka nayo yana kanuni zao ndani ya sheria ya madini, basi msichukue hesabu ya jirani wa mgodi na kuileta kwa mashine ya kusaga. Kabla ya kujaza tangazo la mwaka wowote, muulizeni kontable ao biro ya DGI mambo matatu tu: kodi ya faida ni asilimia ngapi mwaka huu, ukuta wa hasara ni asilimia ngapi, na kodi ya chini ni asilimia ngapi. Mkiwa na namba hizo tatu, njia ya kuhesabu inabaki ileile mliyoiona hapa.

Zoezi kwa komite

Sosiete ina mfuko wa hasara ya 10 000 000 kutoka mwaka uliopita. Mwaka huu mauzo ni 150 000 000 na faida ya vitabu ni 28 000 000. Ndani ya matumizi kuna amande ya 2 000 000. Kwa kanuni zilezile tulizotumia, italipa kodi ngapi, na mfuko utabaki na ngapi? Fanyeni kwanza pamoja katika mkutano, halafu msome jibu.

Jibu

Amande haikubaliwi, basi tunairudisha: 28 000 000 na 2 000 000 ni faida ya kodi ya 30 000 000. Ukuta ni 60%, yaani 18 000 000. Mfuko una 10 000 000, ni ndogo kuliko ukuta, basi tunatumia zote. Faida ya kulipia kodi ni 20 000 000, na 30% yake ni 6 000 000. Kodi ya chini ni 1 500 000. Sosiete inalipa 6 000 000, na mfuko uko sifuri.

Kama mmepata 5 400 000, mmesahau kurudisha amande. Kama mmepata 3 600 000, mmetumia ukuta wote wa milioni 18 wakati mfuko ulikuwa na 10 tu. Na kama mmepata 7 200 000, mmehesabu 60% juu ya mfuko wa hasara badala ya kuihesabu juu ya faida. Rudini kwenye mwaka 2021 na 2023, na mfanye tena.